Naomba ushauri: wastani wa siku 7 unapanda mwanzoni bila sababu

Habari wakuu. Nina mauzo ya kila siku ya duka la Kariakoo, katoni kwa siku, kuanzia Jumapili: 40, 110, 105, 100, 110, 115, 120. Wiki zinazofuata zinajirudia karibu vilevile. Nachora wastani wa siku 7 kwa pandas:

```python
s.rolling('7D').mean()
```

Mstari unaanza 40, kisha 75, 85, unapanda hadi 100 siku ya saba, halafu unatulia. Anayeutazama ataamini biashara imekua, kumbe siku ya kwanza ni Jumapili peke yake na ya pili ni wastani wa siku mbili tu. Chanzo nimekiona: ukiandika `'7D'`, `min_periods` huwa 1, wakati `rolling(7)` hudai thamani zote saba na kuacha `NaN` kabla ya hapo.

Nikiweka `min_periods=7`, mwanzo unakaa sawa. Shida inahamia katikati: siku moja ya Idi isiyo na rekodi inafuta wastani wa siku saba mfululizo.

Nafikiria kujaza 0 pale duka lilipofungwa kweli, na kuacha pengo pale rekodi ilipopotea. Kwa ripoti ya mwezi mmoja, nitakokotoa kwanza kwenye data yote ndipo nikate tarehe, ili siku sita za nyuma zihesabiwe.

Kwa pengo la rekodi iliyopotea, mnaona `min_periods=6` inatosha, hata kama iliyokosekana ni Jumapili?