MJADALA: Yamane alinipa 303, nimerudi na 187. Ni haki mtahini kunirudishia aya?

Kizimba Namba Tisa
Wakuu, mtahini wa nje amerudisha tasnifu yangu na kalamu nyekundu kwenye aya moja tu ya sura ya tatu. Utafiti ni wa wafanyabiashara wa soko moja Mwanza: nani anakopa, nani hakopi. Rejesta ya soko ina vizimba 1,240. Niliandika hivi:

"Sampuli ya wahojiwa 303 ilipatikana kwa fomula ya Yamane (1967) kwa kiwango cha makosa cha 5%. Madodoso 187 yalirudi, sawa na 62%, kiwango kinachotosha. Hivyo matokeo yanawakilisha wafanyabiashara wote wa soko."

Pembeni kaandika: "Hivyo ipi?" Basi, hakuongeza neno. Wenzangu wote wanaandika hivi na wanapita. Ni haki?

Baba Karoti
Dogo unajitesa. Yamebaki 116 tu. Nunua kalamu tatu za rangi tofauti, chemsha kahawa, asubuhi una 303. Wasimamizi wenyewe hawasomi, wanahesabu kurasa.

Mwalimu wa Jioni
Baba Karoti, nasimamia wanafunzi 14 muhula huu na nasoma kila sentensi, nyingine hadi kichwa kinaniuma. Mtu akipika dodoso huwa najua. Umri wote unaishia na 0 au 5, hakuna swali hata moja lililorukwa, na mama wa dagaa wa miaka 60 anajibu kwa lugha ya bodi ya mikopo. Usitutukane kwa sababu ulipita kwa mlango wa uani.

Baba Karoti
Mlango wa uani gani? Nilitetea mbele ya watu watano.

Bi Takwimu
Wazee, gombaneni pembeni kidogo. Mdogo wangu Kizimba, nijibu mambo mawili kabla sijasema kitu. Yale madodoso ulimpa nani, na ulimpataje? Na ulienda saa ngapi?

Kizimba Namba Tisa
Dada, nilienda saa tatu hadi saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Niliyemkuta na akakubali, nikampa. Kama 60 hivi nilituma kwa kiungo kwenye kundi la wasapu la wafanyabiashara, mwenyekiti akawasihi wajaze.

Jicho la Tai
Mbona ni rahisi. Asilimia 10 ya idadi lengwa inatosha, hiyo ni kanuni. 187 kwa 1,240 ni 15%. Uko juu ya kanuni. Andika "inazidi kiwango cha chini cha 10%" umalize. Tena sampuli ikiwa kubwa makosa yanafutana yenyewe.

Bi Takwimu
Kaka Jicho, la kufutana una nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayotuponza. Makosa ya bahati yanafutana kweli: ukichota kwa kura, leo utaangukia wakopaji wengi, kesho wachache, na kadiri unavyochota wengi ndivyo yumbo linavyopungua. Kosa la mlango halifutani. Ukienda asubuhi tu, muuza samaki wa jioni hutamkuta uende mara 3 au mara 300.

Na hiyo 10% haina mashiko. Chukua fomula yenyewe anayoitumia Kizimba, N ikiwa idadi ya vizimba, e kiwango cha makosa, na n ukubwa wa sampuli:

```
n = N / (1 + N × e²)
1240 / (1 + 1240 × 0.05²) = 302.4
```

Weka N ya milioni 1 badala ya 1,240. Jibu linakaribia 400, haliendi laki moja. Asilimia ya idadi lengwa siyo inayobeba mzigo.

Jicho la Tai
Sawa, lakini lile gazeti la Marekani 1936 lilipata watu milioni 10 likakosea kutabiri uchaguzi wa rais. Kwa hiyo hata wengi haisaidii, basi na yeye asisumbuliwe na 187.

Bi Takwimu
Walituma kadi kama milioni 10, zikarudi zipatazo milioni 2.4. Walitabiri Roosevelt ataanguka, akashinda kwa kishindo. Majina waliyatoa zaidi kwenye orodha za wenye simu na magari, na wenye hasira na Roosevelt ndio waliojisumbua zaidi kurudisha. Huo mfano umeuleta wewe, ila unamponda Kizimba, haumtetei. Kundi la wasapu ndiyo orodha yake ya wenye simu.

Mama Ntilie Msomi
Mimi nilihoji watu 18 tu kwenye shahada yangu, na mtahini hakusema kitu. Niliacha kuhoji nilipoona majibu yanajirudia. Kwa nini Kizimba asiseme "nilifikia kujirudia"?

Bi Takwimu
Kwa sababu wewe ulikuwa unatafuta aina za maelezo, yeye anatangaza asilimia. Mtu wa 19 hakuongezei hadithi mpya, lakini asilimia yake inayumba kila anapoongezeka mtu. Ukimkopesha sentensi hiyo utampeleka machinjioni.

Mwalimu wa Jioni
Narudi kwa Baba Karoti. Kusema hatusomi…

Baba Karoti
Mwalimu, nimeshasema ni utani.

Mwalimu wa Jioni
Si utani, kwa sababu dogo huyu hapa ni zao la mafunzo hayo. Yamane aliletwa darasani kama dawa ya kikohozi: kunywa mara moja, umepona. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba fomula ile inadhani umechota kwa kura kutoka kwenye orodha, inadhani kila mtu ameitika, na inakuhakikishia asilimia moja ya soko zima, siyo ulinganisho wa makundi ndani yake.

Kizimba Namba Tisa
Mwalimu, hapo kwenye makundi ndipo nilipo. Tokeo langu kubwa ni kwamba hakuna tofauti ya ukopaji kati ya wanawake na wanaume. Programu ya SPSS imesema si tofauti kitakwimu.

Bi Takwimu
Ni wangapi kwa wangapi?

Kizimba Namba Tisa
Wanawake 140, waliokopa 73. Wanaume 47, waliokopa 19.

Bi Takwimu
52% dhidi ya 40%. Hiyo ni tofauti ya pointi 12, na wewe unaiita "hakuna". Nimekupigia kwa mkono: tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia wanaume kuzidi kwa pointi kama 5 hadi wanawake kuzidi kwa pointi kama 28. Hapo nimefumba macho, nikafanya kana kwamba ulichota kwa kura. Yaani data yako haijui. Sentensi ya kweli ni "hatukuweza kubainisha", siyo "hakuna tofauti".

Na kinachokubana ni wale wanaume 47. Ukiwa na 140 kwa 47, ili uwe na nafasi 80% ya kuiona tofauti, lazima tofauti yenyewe iwe ya pointi kama 24. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye aya, kwa sababu inamwambia msomaji jicho lako linaona kitu cha ukubwa gani. Yamane haikuwahi kukuambia hilo, wala isingekuambia hata ungerudi na 303 kamili.

Jicho la Tai
Sasa si afadhali apige upya nguvu ya utafiti, yaani hiyo nafasi ya kuiona tofauti, kwa ile 12 aliyoipata, programu ya G*Power inafanya dakika moja.

Bi Takwimu
Hapo utakuwa unazunguka mti. Ukipiga kwa tofauti uliyoipata, nguvu itatoka ndogo kwa sababu tu jibu halikuwa la kitakwimu. Ni jambo lile lile limevaa kanzu nyingine. Uliza ni tofauti gani ingemjali mkopeshaji sokoni, kisha tazama kama 24 iko juu yake au chini yake.

Mwalimu wa Jioni
Kizimba, rejesta ina sehemu za soko?

Kizimba Namba Tisa
Ndiyo. Mitumba ni vizimba 310 kati ya 1,240. Kwangu mitumba ni 94 kati ya 187. Wanajaza haraka, wana muda asubuhi.

Mwalimu wa Jioni
Basi kalamu nyekundu imepata chakula. Sokoni mitumba ni robo, kwako ni nusu. Iandike hiyo kwa namba, usiseme "huenda kukawa na upendeleo kidogo". Msomaji akiona 25% dhidi ya 50% atajua mwenyewe upande gani umeinama. Jaribu hivi:

"Tulilenga wahojiwa 303 kwa fomula ya Yamane, kwa kudhani uchaguzi wa nasibu kutoka rejesta ya vizimba 1,240. Uchaguzi huo haukufanyika: madodoso yaligawiwa kwa waliokutwa saa 3 hadi saa 6 mchana siku za kazi, na kwa kundi la wasapu. Yalirudi 187. Hakuna nyongeza iliyowekwa mapema kwa wasiojibu. Wauza mitumba ni 50% ya sampuli lakini 25% ya rejesta, na wanaofungua jioni hawakufikiwa. Kwa hiyo asilimia zinahusu waliojibu, na kiwango cha makosa cha 5% hakitumiki. Kwa wanawake 140 na wanaume 47, utafiti ungeweza kubaini tofauti ya pointi zipatazo 24 au zaidi. Tofauti ndogo zaidi haziwezi kukanushwa."

Baba Karoti
Hiyo si aya, ni ungamo. Mtahini atauliza alienda sokoni kufanya nini.

Mama Ntilie Msomi
Mimi nakubaliana na Baba Karoti kwa mara ya kwanza. Kizimba anajivua nguo hadharani wakati mwenzake aliyeandika uongo anapita na joho.

Mwalimu wa Jioni
Ameshavuliwa, dada. Mtahini ndiye aliyeandika "Hivyo ipi?"

Bi Takwimu
Mwalimu, aya ni nzuri ila natofautiana nawe mahali pawili. Kwanza, "hakuna nyongeza iliyowekwa" ihame ikae kwenye mpango. Kwa urejeshaji wa 62%, kupata 303 angehitaji kugawa kama 490, na nyongeza ya namna hiyo hupangwa kabla ya kwenda sokoni. Pili, ajaribu kupima uzito: kila muuza mitumba ahesabiwe nusu, wengine moja na nusu, aone kama asilimia ya wakopaji inahama. Ikihama sana, aseme.

Mwalimu wa Jioni
Uzito unarekebisha mitumba. Wa jioni haumrudishi, wala yule aliyekataa kwa sababu ana deni. Nahofia mtoto ataandika "tulirekebisha" na tutarudi pale pale kwenye uwakilishi.

Bi Takwimu
Akiandika "kwa sehemu za soko pekee" hawezi kurudi.

Mwalimu wa Jioni
Wanafunzi wangu wangerudi. Nawajua.

Baba Karoti
Kumbe unawasoma kweli.

Kizimba Namba Tisa
Nimepima uzito sasa hivi kwenye Eksel. Jumla ya wakopaji ilikuwa 49%, imeshuka hadi 43%. Kumbe mitumba ndio wanaokopa. Wakuu, sasa kwenye ikisiri niweke ipi? Na kesho jioni nikienda sokoni kwa wale wa samaki, hata 30 tu, ni kuongeza sampuli au ni utafiti mwingine?

Jicho la Tai
Weka 49, ndiyo uliyoikuta.

Bi Takwimu
Ziweke zote mbili. Hao wa jioni usiwachanganye na 187 mpaka umuulize mtahini, na kibali chako cha utafiti kikague tarehe, kisije kikawa kimeshaisha.

Kizimba Namba Tisa
Kimeisha mwezi uliopita.