Mkataba wa kununua kiwanja: nimpe wakili rasimu ya muuzaji aipitie, au aandike mkataba mpya?

Mama Zuhura
Habari za leo wanajukwaa. Ninanunua kiwanja chenye nyumba ambayo haijakamilika huko Kibaha kwa shilingi 48,000,000. Muuzaji ameniletea rasimu iliyoandikwa na wakili wake, na anasema wakili huyo anaweza kutusimamia sote wawili ili tupunguze gharama. Mimi nimepata wakili wangu, lakini bado sijaamua kama nimwombe apitie rasimu hii au aiweke kando na kuandika upya, kwa sababu ada ya kuandika upya ni kubwa zaidi. Maelezo niliyomwandalia ni haya, naomba myasome kabla sijayatuma:

"Ndugu Wakili, naomba upitie rasimu niliyoambatisha. Wasiwasi wangu wa kwanza ni kifungu cha 4, kinachonitaka nilipe 30,000,000 siku ya kutia saini na 18,000,000 'baada ya taratibu kukamilika', bila kusema ni taratibu zipi wala zitakamilika lini. Wa pili ni kifungu cha 7, kinachosema nikichelewa siku 14 nitapoteza fedha zote nilizolipa, ilhali hakuna neno lolote kuhusu muuzaji akichelewa. Kifungu cha 9 kinasema kodi 'zitalipwa kwa mujibu wa sheria', nami sielewi nani atalipa ipi. Mwisho, rasimu inataja mita za mraba 600, lakini ramani iliyo ndani ya hati inaonyesha 548."

Kaka Mjenzi
Dada, umeandika vizuri, lakini umeacha jambo ambalo wakili atakuuliza kabla hujaketi. Hati hiyo ina jina la nani? Muuzaji ana mke? Na umeona hati yenyewe au nakala tu?

Mama Zuhura
Samahani, nilidhani hayo si muhimu kwa sasa. Hati ina jina la marehemu baba yake. Yeye ni msimamizi wa mirathi na amenionyesha barua ya mahakama. Wako ndugu watano. Nimeona nakala ya hati tu.

Mzee Kalamu
Hayo ndiyo muhimu kuliko hoja zote nne ulizoorodhesha. Nimefanya kazi ya kuandaa nyaraka za ardhi kwa miaka mingi, na ningekushauri uanze maelezo yako kwa sentensi hii: hati ina jina la marehemu, na muuzaji ni msimamizi wa mirathi. Wakili akilijua hilo atasoma rasimu kwa jicho jingine. Msimamizi anatakiwa kwanza asajiliwe kwa Msajili wa Hati kama mmiliki kwa nafasi yake ya usimamizi, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ndipo aweze kukuhamishia wewe. Kwa hiyo hizo "taratibu" za kifungu cha 4 huenda ni hatua mbili tofauti, na hatua ya kwanza haiko mikononi mwako kabisa. Ukilipa 30,000,000 leo, fedha yako inasubiri kazi ambayo muuzaji alipaswa kuifanya kabla ya kukutafuta.

Mwombe wakili agawe malipo yafuate hatua hizo: kiasi kidogo siku ya saini, kiasi kingine jina la msimamizi likishaingia kwenye daftari la Msajili, na kilichobaki uhamisho kwako ukishasajiliwa. Kila hatua iwe na tarehe ya mwisho, na ikipita bila kukamilika urejeshewe fedha ndani ya siku zinazotajwa.

Bi Tumaini
Nakubaliana na mzee, ila naongeza kwamba warithi wote watano lazima watie saini, vinginevyo mauzo ni batili.

Mzee Kalamu
Sivyo moja kwa moja, Bi Tumaini. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ana mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu, na kukosekana kwa saini ya mrithi mmoja hakufanyi mauzo yawe batili papo hapo. Hata hivyo muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za wote ni kinga nzuri, kwa sababu mrithi asiyeridhika ndiye anayekimbilia mahakamani.

Bi Tumaini
Mimi nimeona kesi ambapo mnunuzi alipokonywa. Bado nasema asinunue bila saini tano.

Salum wa Bagamoyo
Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu yanafanana sana na haya. Nilinunua kiwanja kwa msimamizi wa mirathi. Kabla ya kusaini tulifanya upekuzi kwa Msajili na majibu yalikuja safi, hakuna rehani wala zuio. Nikalipa theluthi mbili. Mkataba wangu ulisema salio litalipwa "uhamisho utakapokuwa tayari", maneno kama ya kwako. Miezi minne ikapita. Nilipopigiwa simu nikalipe salio, nilikwenda moja kwa moja na fedha bila kupekua tena. Kumbe wiki mbili kabla, dada mmoja wa familia alikuwa ameweka zuio, na karatasi yangu ya upekuzi, ambayo niliikunja na kuitunza kama dhahabu, ilionyesha hali ya siku ile tu ilipotolewa. Uhamisho ulikataliwa. Muuzaji alikuwa ameshatumia fedha, na mkataba haukumlazimisha kurejesha kwa tarehe yoyote. Hadi leo ninadai. Dada yangu, andika kwenye maelezo yako kwamba upekuzi urudiwe kabla ya kila fungu la malipo.

Kaka Mjenzi
Mimi ningepeleka mkataba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri. Hapo kila mtu anajua umenunua.

Mzee Kalamu
Majirani watajua, na ushahidi huo una faida yake, lakini kwa kiwanja chenye hati muhuri huo hauhamishi umiliki. Mkataba wenyewe unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30 baada ya kusainiwa.

Jirani wa Kilifi
Kwetu Kenya, kama ni shamba, mnatakiwa kuomba idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Je, mmeomba?

Mama Zuhura
Ahsante ndugu yangu, ila hiki ni kiwanja cha makazi kilichopimwa, na kiko Tanzania.

Mzee Kalamu
Tukirudi kwenye kifungu cha 9: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote kama wengi wanavyoogopa. Ushuru wa stempu kwa desturi hubebwa na mnunuzi. Wakili ayataje yote mawili kwa majina, kwa sababu bila uthibitisho wa kodi ya muuzaji uhamisho wako utakwama. Kuhusu mita za mraba 52 zinazopungua, mwombe mpima akaonyeshe mawe ya mpaka kabla ya kusaini, na bei ifuate ukubwa ulio kwenye hati.

Kwa marekebisho haya yote, mimi ningeandika upya.

Salum wa Bagamoyo
Mimi ningebaki na rasimu ya muuzaji na kuisahihisha. Mkataba mpya unaweza kumfanya muuzaji ashtuke na kutafuta mnunuzi mwingine. La muhimu wakili awe wako peke yako.

Bi Tumaini
Akishtuka, basi alikuwa na jambo.

Mama Zuhura
Nimeongeza aya ya mwanzo kuhusu jina kwenye hati, na nimeomba kuona hati halisi Jumatatu. Suala la saini tano nitamwachia wakili aamue. Je, fedha zikae kwenye akaunti ya wakili wangu hadi kila hatua ikamilike, au muuzaji atakataa?

Kaka Mjenzi
Wa kwangu alikataa.