YouTube inanidai nilogi eti kuthibitisha mimi si roboti. Shida ni laptopu yangu au waifai ya ploti?

Kinyozi wa Kondele
Wakuu, habari za jioni. Nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu. Laptopu nimeichomeka kwa TV ya ukutani ili wateja wasikilize benga na rumba wakingoja zamu. Siku zote nimekuwa nikifungua YouTube bila akaunti yoyote. Sasa nikibonyeza video, skrini inabaki nyeusi na maandishi haya:

```
Sign in to confirm you’re not a bot
```

Waifai ni ya ploti. Mwenye nyumba ameivuta kutoka kwa jamaa mmoja wa mtandao wa mtaani, na sisi wapangaji tunachanga kila mwezi. Sitaki kuweka imeili yangu kwa laptopu ambayo kila mteja anaishika akitaka kubadilisha wimbo. Cha kushangaza, nikitumia simu kwa bando, video ileile inacheza bila swali, na hata huko sijalogi. Huu ni wizi wa nywila ama kweli ni YouTube?

Jogoo la Kakamega
Hizo ni vidakuzi zimejaa. Futa historia yote ya kivinjari, zima ruta uwashe tena. Ikikataa weka VPN ya bure, mambo kwisha.

Mama Taji
Hiyo si ile ya kulipia ili usione matangazo? Mimi hapa Lurambi sijaulizwa hayo ya YouTube, lakini nikitafuta kitu Google naambiwa nichague picha zenye taa za barabarani. Nachagua, wanaleta zingine. Nilichoka nikaacha.

Fundi Waya, Nakuru
Mama Taji, yako si ya malipo na hata ya Kinyozi si ya malipo. Ila umeleta dalili nzuri, nitairudia.

Kinyozi, kwanza ondoa hofu ya wizi. Tazama juu kwenye anwani ya ukurasa: iwe youtube.com, na ukibonyeza kulogi upelekwe accounts.google.com. Ikiwa hivyo, ni wao wenyewe. Ukikuta maandishi kama hayo kwenye tovuti ya muvi za bure, ikikutaka uandike nywila papo hapo, funga.

Sasa sababu. Usipologi, YouTube haina jina lako. Inachoona ni kivinjari chako na anwani ya IP unayotokea, na anwani hiyo huenda si yako peke yako. Anwani za zamani, za IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, kwa hiyo watoa mtandao wadogo huwapitisha wateja wengi kwa anwani moja. Ni kama ploti yenye geti moja: mpangaji mmoja akizua fujo, askari anaanza kumdai kila atokaye hapo kitambulisho. Fujo yenyewe hapa ni programu inayovuta mamia ya video mfululizo.

Umejipima nusu tayari kwa ile simu. Malizia: washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu hiyohiyo, fungua video hiyohiyo kwa kivinjari hichohicho. Ikicheza, laptopu haina kosa. Kisha fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, usome palipoandikwa WAN IP. Halafu tafuta Google "what is my ip" na ulinganishe. Na uniambie kama Google yenyewe inakuletea picha kama za Mama Taji; ikileta, huenda nayo inaishuku anwani hiyohiyo.

Jogoo la Kakamega
Lakini mimi nikifuta vidakuzi inapona, nimeona kwa macho yangu.

Fundi Waya, Nakuru
Sikatai, ndugu. Kuna wakati kinachoshukiwa ni kile kikao cha kivinjari, na ukifuta unaanza upya. Lakini anwani ikishachafuka, unarudi ukiwa mgeni kabisa kupitia mlango uleule, na mgeni hushukiwa zaidi. Ruta nayo kuizima husaidia pale mtoa mtandao anapokupa anwani ya nje mpya kila ukiunganisha. VPN ya bure ndiyo siipendi kabisa. Seva zake hupitiwa na umati, na roboti wamo, kwa hiyo mara nyingi unaongeza balaa. Baadhi hata hupitishia shughuli za watu wengine kwenye laini yako.

Kinyozi wa Kondele
Nimerudi. Kwa hotspoti inacheza vizuri. Ruta inaonyesha WAN IP inayoanza na 100.71, lakini Google inataja anwani tofauti kabisa. Na picha za pikipiki nimeletewa kweli! Dada wa kemia hapa jirani anaona maandishi kama yangu. Wa M-Pesa anasema kwake hakuna shida.

Fundi Waya, Nakuru
Wa M-Pesa bila shaka amelogi kwa simu yake tangu zamani, ndiyo maana haoni kitu. Hilo huwafanya watu wadhani shida ni yao peke yao.

Hiyo 100.71 imejibu swali. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani za ndani za mtoa mtandao, zimetengwa kwa kazi hiyohiyo ya kuwabana wateja pamoja. Ya nje iko kwake, si kwa ruta yenu. Kwa hiyo zimeni ruta mpaka mchoke, kwa kawaida haitasaidia.

Omera Kibuye
Mkuu, hapo nakupinga kidogo. Hata bando za simu watu wanashea anwani. Mbona huko hatuulizwi?

Fundi Waya, Nakuru
Uko sawa, kushea peke yake si kosa. Kinachohesabika ni tabia ya mnaoshea. Tena mitandao mikubwa ya simu ina anwani nyingi, na kwenye simu bando ni ghali mno kuvutia video usiku kucha. Waifai ya kulipia kwa mwezi ndiyo inayoalika hayo. Kinyozi, hapo kwenu kuna mtu wa kujaza nyimbo kwenye flashi?

Kinyozi wa Kondele
Yupo, chumba cha mwisho. Ana dirisha jeusi lenye maandishi yanayokimbia, anaita yt-dlp. Nilipomuuliza akasema hata yeye siku hizi inamwandikia maneno hayohayo, anangoja toleo jipya.

Fundi Waya, Nakuru
Toleo jipya haliwezi kusafisha anwani. Na YouTube hairuhusu kupakua hivyo, ajue. Mwombe asimame siku kadhaa muone. Lakini msimkamate shingo: nyuma ya anwani hiyo huenda kuna ploti nyingine nyingi msizozijua. Mwambieni jamaa wa mtandao awahamishie anwani nyingine ya nje, au awape anwani za kisasa za IPv6, ambazo kila ruta hupata fungu lake.

Ukitaka muziki leo, fungua akaunti mpya ya kinyozi tu, uiweke kwenye wasifu wake wa pekee ndani ya kivinjari. Imeili yako ya kawaida isiguse laptopu hiyo. Ukilogi, wanaanza kukupima wewe na si anwani peke yake.

Omera Kibuye
Na roboti si anaweza kufungua akaunti pia? Mimi naona wanatafuta tu kujua nani anatazama nini.

Fundi Waya, Nakuru
Anaweza. Ila akaunti mara nyingi hudai namba ya simu, na ikifungiwa lazima atafute nyingine, kwa hiyo inamgharimu. Kwamba wao pia wanafaidika na kujua unatazama nini, hilo sikupingi.

Kinyozi wa Kondele
Akaunti ya kinyozi nimefungua, rumba inacheza. Jamaa wa flashi amesimamisha tangu Jumapili, lakini kwa dada wa kemia bado inauliza. Mtoa mtandao amenijibu eti upande wake kila kitu kiko sawa.

Fundi Waya, Nakuru
Mtumie picha ya skrini ya YouTube na ya zile pikipiki za Google, uandike anwani ya nje na saa uliyoiona. Bila anwani hiyo hana pa kuanzia kutafuta.

Mama Taji
Na mimi wa picha za taa nimtumie nani?