Kusi linameza maneno ya mahojiano yangu Paje, naomba ushauri

BintiUnguja
Assalaam aleykum wadau. Ninarekodi mahojiano na kina mama wakulima wa mwani hapa Paje kwa ajili ya kipindi cha redio ya jamii. Ni sauti tupu, hakuna video. Natumia simu na maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, ile yenye kisponji cheusi. Ndani ya nyumba inatoa sauti nzuri sana. Ufukweni, maji yakitoka na kusi likivuma, inaingia ngurumo nzito, mbu-mbu-mbu, na maneno mengine yanapotea kabisa. Mama anakaa akitazama bahari, maiki iko kifuani. Kuwapeleka ndani sitaki, kwa sababu wanaeleza kazi huku mikono inafunga mbegu kwenye kamba, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa matamu. Ninunue nini? Na nilizokwisha rekodi zinaokoleka?

Mtu_wa_Kompyuta
Dada, usitumie hela bure. Fungua Audacity, chagua kipande chenye upepo mtupu, mpe Noise Reduction akijue, kisha safisha faili zima. Mimi kelele ya feni ya ofisini naitoa hivyo na huisikii tena.

FundiMitambo
Mkuu, kwa feni uko sahihi, kwa kusi hapana. Feni inaunguruma vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana programu inaweza kuikariri na kuitoa. Upepo hubadilika kila sekunde. Ukimpa sampuli ya pumzi moja, pumzi inayofuata haifanani nayo, na ukilazimisha, sauti ya mama itatoka kama anaongea ndani ya bomba la maji.

BintiUnguja, ngurumo unayoisikia haipo hewani. Ukiwa umekaa pale husikii mbu-mbu-mbu hiyo. Inazaliwa kwenye maiki yenyewe, hewa inapoipiga na kujizungusha juu yake. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuhakikisha hewa inayofika kwenye maiki imetulia, na hilo linafanyika kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi.

Anza na mkao, maana ni bure. Kusi linatoka kusini na kusini-mashariki, na ufukwe wa Paje unatazama mashariki. Mama akitazama bahari, kifua chake kinapokea upepo moja kwa moja. Mgeuze aupe mgongo, wewe ukae mbele yake. Mwili wake ndio ukuta wako. Lakini upepo hupinda mabegani na kurudi kifuani, hivyo usikisie. Chukua uzi mmoja wa ukingo wa kanga, uninginize mbele ya maiki. Ukichezacheza, mgeuze mama kidogo kushoto au kulia mpaka uzi utulie.

Kisha panda na maiki juu, iwe upana wa kiganja chini ya kidevu. Upepo haujali mdomo uko wapi, unaipiga maiki kwa nguvu ileile, lakini sauti ya mama inaongezeka kadiri unavyosogea. Ukipunguza umbali kwa nusu, unaongeza sauti yake kama desibeli 6 na ngurumo inabaki pale pale.

Halafu ndiyo manyoya. Kisponji hicho ni cha pumzi ya mdomo na upepo mwepesi, kwa kusi hakitoshi. Tafuta kikofia cha manyoya cha maiki ya nguo, ukivike juu ya kisponji. Usitoe sponji, maana ile nafasi ya hewa iliyotulia kati ya manyoya na maiki ndiyo inayokusaidia. Manyoya yakilowa maji ya chumvi na kugandamana hayafanyi kazi tena. Suuza kwa maji baridi, kausha, yachane kwa brashi mpaka yasimame.

RiderWaKisumu
Hii shida naijua sana. Mimi hurekodi nikiendesha pikipiki, upepo ni balaa. Weka maiki ndani ya helmeti, karibu na shavu, na ufunge kioo. Imeisha hiyo.

BintiUnguja
Kaka, asante, ila mama wa mwani hana helmeti, anao mtandio.

RiderWaKisumu
Pole dada, niliona "upepo" nikadhani uko barabarani. Basi nikupe nyingine. Hayo manyoya mimi sikununua. Nilikata yale ya ukingo wa kofia ya koti la mtumba, nikashona kamfuko, nikavalisha maiki. Bei ilikuwa ya koti tu.

FundiMitambo
Hiyo inakubalika, Rider, ila BintiUnguja angalia upande wa nyuma wa kitambaa kabla hujanunua koti. Kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, kinafaa. Isipopita, kina plastiki au gundi nyuma, na "s" na "sh" zitafifia kama mtu anaongea nyuma ya pazia zito.

BiMwajuma_Tanga
Mwanangu, kwa nini msifiche tu maiki ndani ya mtandio? Wajukuu zangu wanarekodi arusi hivyo na upepo hauingii.

FundiMitambo
Shikamoo bibi. Kwa mtu aliyetulia, inawezekana. Mama anayefunga mbegu mikono haitulii, na kila akivuta kamba nguo inakwaruza maiki. Mkwaruzo huo unaangukia kwenye masafa ya maneno yenyewe, hauondoki kwa chujio. Mimi ningebaki na manyoya nje ya nguo.

BiMwajuma_Tanga
Marahaba. Inategemea nguo, mwanangu. Pamba laini haikwaruzi kama hariri hizi za siku hizi, na maiki ukiibandika kwa plasta isicheze ni salama. Ajaribu zote mbili.

BintiUnguja
Nimejaribu mgongo kwa upepo na maiki juu, bado sina manyoya. Ngurumo imepungua sana, ila pumzi kali zinapokuja bado inasikika. Na faili za zamani?

FundiMitambo
Kwanza zichunguze. Audacity ina alama nyekundu ya mawimbi yaliyopasuka, iwashe kwenye View. Pia kuza picha ya wimbi: ukiona vilele vimekatwa bapa kama meza, hata kama havijafika juu kabisa, maiki au simu ilielemewa. Neno lililokuwa hapo limeharibika.

Zisizokatwa, weka High-Pass Filter kabla ya kitu kingine chochote. Kwa sauti za wanawake anza na Frequency 120, Roll-off 24 dB. Sauti ya mama kwa kawaida iko juu ya hapo, ngurumo nyingi iko chini. Kwenye pumzi kali pekee, chagua sekunde zile na upandishe hadi 200. Usifanye hivyo faili zima, atasikika kama yuko kwenye simu ya zamani. Ukishamaliza ndiyo uongeze sauti ya jumla. Ukiongeza kwanza, ngurumo ndiyo itakayokula nafasi yote.

BintiUnguja
Nina mzee mmoja mwenye sauti nzito. 120 imemfanya mwembamba.

FundiMitambo
Mshushe hadi 80, uvumilie ngurumo kidogo. Wasikilizaji watavumilia upepo, sauti ya mzee iliyokonda hawataitambua.

BintiUnguja
Sawa. Kuna kipande kimoja kimekatwa bapa hasa pale mama anapoeleza jinsi mwani unavyooza maji yakiwa moto. Siwezi kumrudisha aseme vilevile.

FundiMitambo
Kata pale, usimulie wewe kwa maneno yako, kisha mrudishe mama kwenye sentensi inayofuata iliyo safi. Na safari ijayo, vaa hedifoni muda wote unaporekodi. Ukisikia pumzi imemeza neno, mwombe arudie palepale.

RiderWaKisumu
Swali la mwisho, Fundi: hiyo 120 inafaa pia kwa ngurumo ya injini?