Seti nne zinagombania watu walewale: niziunganishe, nizitenge, au bajeti niihamishie kwenye kampeni?

Mashuka_Kkoo
Wakuu, habari za jioni. Nauza mashuka na mapazia Kariakoo, na wateja wengi wananifikia WhatsApp kupitia matangazo ya Facebook na Instagram. Nina kampeni moja yenye seti nne za matangazo, kila seti shilingi 15,000 kwa siku. Ya kwanza ni wanawake wa Dar wanaopenda mapambo ya nyumbani. Ya pili ni Lookalike ya 1%, yaani watu wanaofanana na wateja, niliyoitengeneza kwa namba za wateja wangu, ya tatu ni Lookalike ya 3% kutoka orodha hiyohiyo, na ya nne ni watu waliowahi kugusa ukurasa wangu.

Wiki iliyopita nilitenga 420,000 lakini zimetumika 300,000 tu. Seti ya kwanza ilimaliza pesa yake yote, ya pili ikala 96,000, ya tatu 61,000, ya nne 38,000. Waliofungua mazungumzo ni 31, 24, 19 na 14, jumla 88. Seti zote nne zimeandikwa Learning limited, yaani hazijapata matokeo ya kutosha kujifunza.

Nimepewa ushauri wa aina tatu: niunganishe zote, niache zilivyo ila kila seti iwaondoe watu wa nyingine, au bajeti niitoe kwenye seti niiweke kwenye kampeni. Aliyewahi kujaribu aniambie ipi inafaa kwa duka la ukubwa wangu.

Kaka_Dau
Dada, unajipandishia bei mwenyewe. Ni sawa na kwenda mnadani na mdogo wako bila kuambiana: wewe unataja 10, yeye anataja 12, unarudi na 14, na mkoba ni mmoja. Zima seti tatu leo hii, utaona bei inashuka.

Fundi_Pikseli
Kaka_Dau, umeona palipo na ugonjwa ila dawa umeisomea jina lingine. Seti zako mwenyewe hazitajiani bei. Mtu mmoja anapofungua simu na seti zako mbili zote zinamtaka, mfumo unazipima kabla ya mnada: dau, uwezekano wa mtu huyo kuandika, na ubora wa tangazo. Moja inaingia uwanjani, nyingine inabaki nje. Kwa hiyo bei haipandi kwa sababu ya ndugu wawili kupandiana dau.

Hasara iko kwingine. Ile iliyobaki nje imekosa nafasi, na ikikosa mara nyingi haitumii pesa yake wala haijifunzi. Seti inahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja ili itulie. Dada ana 88 kwa ujumla, yanatosha kutuliza seti moja na chenji inabaki. Ameyagawa mafungu manne, hakuna fungu lililofika 50. Hiyo ndiyo Learning limited anayoiona.

Kabla sijasema lipi bora, dada, naomba namba moja. Fungua Ads Manager, soma Reach, yaani idadi ya watu waliofikiwa, ya kila seti kwa wiki ileile, zijumlishe, kisha soma Reach kwenye mstari wa kampeni.

Mashuka_Kkoo
Seti zinafika 62,000 ukizijumlisha. Mstari wa kampeni unasema 38,000. Nilidhani ni kosa la hesabu zao.

Fundi_Pikseli
Si kosa. Mstari wa kampeni unamhesabu mtu mara moja hata kama amefikiwa na seti tatu. Tofauti ni 24,000, hiyo ni hesabu ya ziada ya watu waliohesabiwa mara mbili au zaidi. Tangazo limeonekana mara ngapi kwa jumla?

Mashuka_Kkoo
Kama laki moja, pungufu kidogo.

Fundi_Pikseli
Basi ukitazama seti mojamoja unaona kila mtu ameliona mara 1.6 hivi, unasema bado wabichi. Ukweli ni mara 2.6. Watu wameanza kuyazoea mashuka yako na wewe huna habari. Hesabu hii naiamini kuliko ile ya Show audience overlap, inayolinganisha hadhira mbili ili kuona watu waliomo kote kote, kwa sababu inakuonyesha waliofikiwa kweli, si waliomo kwenye orodha.

Neema_wa_Tanga
Kuhusu hiyo Show audience overlap, nilikuwa naisoma vibaya mwaka mzima. Asilimia inayotoka ni ya ile hadhira uliyoichagua kuwa ya kulinganishia. Nilikuwa na orodha ya watu 50,000 na nyingine ya 800,000, na 40,000 wako kote kote. Nikianza na ndogo inasoma 80%, nashtuka. Nikianza na kubwa inasoma 5%, nalala usingizi. Ni watu walewale! Geuza upande kila mara kabla hujaamua.

Pwani_Stays
Mimi niko Mombasa, tuna nyumba za wageni Nyali. Yetu ni tofauti kidogo. Wakala anatuendeshea matangazo kwenye akaunti yake, halafu binamu yangu akiona posti imependwa anaibusti kutoka kwenye ukurasa. Wakala analalamika kila wikendi kwamba seti zake zinakufa. Je, ni jambo hilihili ama tushuku wapinzani wanabofya matangazo yetu?

Fundi_Pikseli
Ndugu wa Mombasa, anza na binamu kabla ya wapinzani. Posti ikibustiwa inazaliwa kampeni yake na seti yake, na mara nyingi inalenga watu wanaoujua ukurasa, ambao ndio wakala anawataka. Muombe binamu anyamaze wiki mbili, uone.

Kaka_Dau
Hapo ni akaunti mbili. Hapo sasa si wanapandiana bei kabisa, kama nilivyosema?

Fundi_Pikseli
Kwenye akaunti mbili siwezi kukubishia kwa nguvu ileile. Nimesikia watu wakivutana pande zote. Mimi hukwepa tu: ukurasa mmoja, akaunti moja.

Turudi kwa dada, njia zake tatu. Kuondoa watu kwa kila seti kunatibu kugongana, hakutibu njaa. Ukisema seti ya 3% isiwaguse wa 1%, hawatagongana tena, lakini bado una mafungu manne na matokeo 88. Halafu ukumbuke, ukitengeneza 3% peke yake, ile 1% imo ndani yake. Kwa hiyo seti ya pili na ya tatu zako ni mtu na kivuli chake. Na hiyo ya mapambo huwezi kuiondoa mahali pengine kwa kutaja mapendeleo, mlango huo ulishafungwa. Unachoweza kuondoa ni hadhira ulizotengeneza mwenyewe, kama wateja au waliogusa ukurasa.

Kuhamishia bajeti kwenye kampeni kutafanya pesa itumike, kwa sababu mfumo utaipeleka kwa seti inayopata nafasi. Kugongana kunabaki palepale, ila hakukuumizi mfukoni kama sasa. Utakachokiona ni seti moja kula karibu yote na nyingine kubaki na makombo. Ukifika hapo umeshaunganisha, ila kwa mzunguko.

Kwa duka lako ningeunganisha tatu za kwanza ziwe moja pana, Dar yote, bila kutaja mapendeleo, na ile ya waliogusa ukurasa ibaki peke yake. Kwenye pana uwaondoe waliogusa ukurasa. Na ile ya nne uipunguzie bajeti. Ina watu wangapi?

Mashuka_Kkoo
Kama 6,000.

Fundi_Pikseli
Basi kutomaliza kwake pesa si lazima kuwe ni kugongana. Watu 6,000 hawawezi kumeza 15,000 kila siku bila kuchoka. Ipe 8,000.

Neema_wa_Tanga
Mimi sikubali sana hiyo ya kuunganisha mara moja. Seti yake ya kwanza ina mazungumzo 31 na inamaliza pesa, haijaumwa sana. Ukifungua seti mpya pana unaanza kujifunza upya, na ukibadilisha walengwa wa ile ya zamani pia inaanza upya. Ningezima ile ya 3% peke yake kwanza. Kivuli kikiondoka, 1% itapumua.

Fundi_Pikseli
Ni hoja nzuri kwa mwenye haraka ya mauzo wiki hii. Ila 24 na 19 ukizijumlisha ni 43, na hapo tunadhani hakuna hata moja itakayopotea. Bado chini ya 50.

Zenji_Online
Samahani kuingilia. Mimi nimetenga seti ya Dar na seti ya Unguja ili zisigongane, lakini bado watu wa Dar wananiandikia kupitia ya Unguja. Au mipaka haifanyi kazi?

Neema_wa_Tanga
Inafanya. Mahali siku hizi panahesabu wanaoishi pamoja na waliopita hapo karibuni. Aliyepanda boti asubuhi yuko kwako na yuko Dar. Hao ni wachache, usiwapigie kelele.

Mashuka_Kkoo
*(baada ya wiki mbili)*
Wakuu, nimerudi. Nilifuata ya Fundi: seti moja pana 45,000 kwa siku, na ya waliogusa ukurasa 8,000. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, nusura nizime. Wiki ya pili ile pana imetumia 312,000 na kuleta mazungumzo 104, na maandishi ya Learning limited yametoka. Ndogo imetumia 50,000, mazungumzo 12. Reach za seti mbili zikijumlishwa zinakaribiana na ya kampeni. Zamani mazungumzo yalikuwa shilingi 3,400 hivi, sasa 3,100 ukichanganya zote.

Lakini daftari la mauzo linasema vingine. Wiki ile ya seti nne, kwenye mazungumzo 88 niliuza oda 21. Sasa kwenye 116 nimeuza 22. Wengi wanauliza "bei gani?" nikijibu, kimya. Kila oda ilikuwa inanigharimu kama 14,300, sasa ni kama 16,500.

Kaka_Dau
Si nilisema uzime tatu ubaki na ya kwanza!

Fundi_Pikseli
Oda 21 na 22 huwezi kuzitofautisha dada, wiki moja ya mvua inatosha kuzigeuza. Ila kimya baada ya bei ni dalili ya kweli. Umeuambia mfumo utafute wanaoandika, nao umekutafutia wanaoandika. Seti nne zilikuwa zinauzuia bila kukusudia: Lookalike ya wateja ilikuwa inauvuta kwa watu wanaofanana na walionunua.

Weka bei ya shuka kwenye picha yenyewe, kisha usiguse kitu kingine wiki mbili.

Neema_wa_Tanga
Au urudishe ile 1% peke yake, pana uizuie isiwaguse. Seti mbili, si nne.

Mashuka_Kkoo
Naanza na bei kwenye picha. Mashuka ya sita kwa sita ni 35,000, naandika kubwa. Neema, yako naiweka mfukoni, nikiona kimya kinaendelea nairudisha 1% mwezi ujao.