Ukivuka hamsini, ufute miaka kwenye LinkedIn?

Mhasibu, Moshi: Nina miaka 54, natafuta kazi za ushauri. Naambiwa nifute miaka yote kwenye LinkedIn nisionekane mzee. Nifute au niache? Na uzoefu niuonyeshe vipi?

Mwandishi wa CV: Futa. Mwaka wa kuhitimu toa, tarehe za kazi toa, bakiza vyeo. Mtu akiona 1993 anapiga hesabu papo hapo na kupita.

Afisa ajira, Dar: Hiyo ni nusu kweli. Kwenye Education miaka unaweza usiijaze, na hudanganyi mtu. Experience haikubali kuhifadhi bila tarehe ya kuanza, na wakikwama hapo baadhi ya watu hubuni tarehe. Kisha CV inakuja na 1996, LinkedIn inasema 2009, na sisi huzilinganisha kabla ya kupiga simu. Tarehe zinazopingana zinamharibia mtu kuliko umri. Kazi za miaka kama 15 ya karibuni azieleze kwa kina, za zamani azipe mstari mmoja mmoja.

Kinachowaangusha zaidi ni Headline. "Mhasibu mwenye uzoefu wa miaka 30" hakuna anayeitafuta. Mwenye kazi anatafuta ujuzi: IFRS, hesabu za wafadhili. Una herufi 220, andika hivi: "Mhasibu, CPA(T) | Hesabu za miradi ya wafadhili, IFRS, maandalizi ya ukaguzi".

About nayo, kwenye simu huonekana mistari michache ya mwanzo tu. Ukianza na "Nilihitimu mwaka…" umeshaimaliza. Anza na shida unayoitatua: "Shirika lina wafadhili watatu na hoja za ukaguzi zimelala. Nazifunga, napanga upya vocha, nawaachia wahasibu wa ofisi utaratibu wa kuendelea nao." Anayesoma ataelewa mwenyewe kwamba hiyo si kazi ya mtu aliyeanza juzi.

Mtumishi wa umma: Mnajisumbua. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huweka kikomo cha miaka 45, na namba ya NIDA inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Utaficha nini?

Afisa ajira, Dar: Kwa ajira za serikali ni sawa. Yeye kauliza kazi za ushauri.

Mkufunzi wa kompyuta: Jamani, kabla ya hayo yote, akaunti yako uliifungua kwa barua pepe ya ofisi? Siku ukiondoka watu wa IT wanaifunga. Ukisahau nywila, namba ya uthibitisho inatumwa kwenye anwani usiyoweza kuifungua tena. Ingia Settings & Privacy, kisha Sign in & security, kisha Email addresses. Ongeza barua pepe yako binafsi, ithibitishe, uifanye ndiyo kuu. Fanya hivyo kabla hujakabidhi ofisi.

Mwandishi wa CV: Sawa, tarehe za kazi zibaki. Lakini kazi ya 1996 bado ningeiondoa kabisa. Wewe hujali umri, wenzako wanajali.

Afisa ajira, Dar: Wapo, sikatai. Ila kama kazi hiyo ilikuwa kwenye kampuni ya ukaguzi, mimi ningeiacha. Kwa kazi za wafadhili, huko ndiko wengi huanza kuangalia.

Mwandishi wa CV: Na kama ilikuwa ya karani wa duka?

Afisa ajira, Dar: Hiyo toa.