"Nani kakuahidi?" Hivi kweli biashara inamuuliza mteja hivyo?

NyotaYaIgogo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, msinitulize. Yule yule dubu wa zamu ya usiku, mnamjua, na asiyemjua amshukuru Mungu, kanimaliza. Mteja kamkumbusha ahadi kwa adabu zote, na yeye kajibu kwa namba ya kazi, chini ya jina la kazi na picha ya boti yetu inayometa: "Nani kakuahidi?"

NANI KAKUAHIDI!

Kwa wasiojua, tunapeleka watu hifadhi ya kisiwa cha Saanane hapa Mwanza kwa boti, wakirudi wanakula sato ufukweni. Namba ya WhatsApp Business ni moja. Simu yenyewe inakaa mapokezi, sisi wengine tumeiunganisha kwenye simu na kompyuta zetu. Tunajibu wanne, Kiswahili na Kiingereza, na mteja upande wake anaona jina moja tu. Hajui kama saa nne asubuhi alikuwa na mimi na saa tatu usiku yuko na dubu.

Mama wa watu ni mweka hazina wa kwaya huko Sengerema. Kaanza na shikamoo, kaeleza: watu 22, kati yao watoto 6, wanakuja Jumamosi kwa kupitia daraja. Kaomba watoto wapunguziwe boti. Nikamwandikia, "Nitakuombea kwa bosi, jioni utapata jibu." Bosi kakubali, nikamwambia dubu kwa mdomo wangu wakati tunapokezana. Usiku mama anaandika, "Samahani mwanangu, lile la watoto uliloniahidi limefikia wapi?"

"Nani kakuahidi?"

Na ahadi iko palepale! Ukisogeza kidole kidogo tu unaikuta. Biashara inakana maneno yake yenyewe mbele ya mama mtu mzima! Mama kajibu "Basi, asante." Hiyo "basi, asante" nimeisoma hadi macho yanauma. Kapiga picha ya skrini, kaitupa kwenye kundi la kwaya, imezunguka Sengerema nzima na imevuka maji kumfikia bosi kabla jogoo hajawika. Anaitwa nani kujieleza? Mimi, kwa sababu jina ni moja!

Sasa chungulieni hili. Usiku uleule mtu kauliza kwa Kiingereza, dubu huyo huyo kampa aya tatu: karibu sana, tumefurahi kutuandikia, boti ina majaketi ya kuokolea, usisite kuuliza. Maua matupu! Mama wa Sengerema kapata maneno mawili.

KokotoLaBugando

Umeandika gazeti zima kwa sababu ya maneno mawili. Dubu kakushinda kwa ufupi.

Mzee_wa_Kamanga

Pole binti. Ila wewe kama mteja ulitakiwa udai risiti ya hiyo ahadi. Siku hizi usikubali neno tupu.

NyotaYaIgogo

Shikamoo mzee. Mimi si mteja, mimi ndiye ninayejibu wateja. Mteja ni mama wa kwaya.

Mzee_wa_Kamanga

Marahaba. Basi huyo mama adai risiti.

FundiSimuMakoroboi

Mnajitesa bure. WhatsApp Business ina majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina, ukibonyeza / na jina hilo linatokea lenyewe. Wekeni /karibu, /bei, /saa kwa lugha zote mbili, kila mtu atumie hayo. Tatizo limekwisha.

MapokeziMiaka

Fundi, uko sahihi nusu. Nimesimamia namba za namna hii kwenye nyumba za wageni huku Capri Point kwa miaka mingi, na majibu ya haraka huwa yanaokoa ujumbe wa kwanza tu. Mgeni akiuliza bei, umepona. Akileta swali la tatu ambalo ni la kwake peke yake, kama watoto 6 wa kwaya, hakuna / itakayokusaidia. Hapo ndipo tabia ya mtu hutokeza.

Na mtambue kwa nini Kiingereza cha huyo bwana ni kitamu. Nina hakika hakukiandika yeye, kakibonyeza. Wengi wetu tukijibu Kiingereza tunaogopa kukosea, kwa hiyo tunashikilia maneno yaliyoandaliwa. Kiswahili tunakiandika tulivyoamka, kwa sababu ni chetu na hatuoni haja ya kuandaa chochote. Kwa hiyo sauti ya biashara inavunjikia kwenye lugha tunayoiweza zaidi. Ukitaka kupima, fungua mazungumzo ya juzi na jana, funika majina, soma Kiswahili pekee. Ukiweza kutaja nani kaandika nini, kazi bado haijafanyika.

Dada Nyota, ahadi yako ilikuwa na shimo moja. Uliandika "nitakuombea". Huyo "ni" alitoka zamu saa kumi na mbili jioni. Kwenye namba ya watu wengi tunaandika "tutakuombea", halafu aliyeandika anaacha alama ambayo mwenzake hawezi kuikwepa. Mwambie kwa mdomo, atasahau au atajifanya kasahau. Lebo zipo. Sisi tulikuwa na moja inaitwa AHADI. Ukimwahidi mtu chochote, unaibandika kwenye mazungumzo yake, na anayeingia zamu anafungua kwanza zile za AHADI kabla hajajibu mtu yeyote. Ahadi ikitimizwa, lebo inatolewa. Mteja haioni.

NyotaYaIgogo

Lebo nakubali, leo hii naianzisha. Lakini kuhusu shimo siafiki. Hata ningeandika tutakuombea, nitakuombea au malaika watakuombea, mtu mwenye adabu anasogeza kidole juu, anasoma, ndipo anajibu. Au anasema "naomba tuangalie, tutakurudia." "Nani kakuahidi?" haisababishwi na lebo. Ni roho!

KokotoLaBugando

Malaika watakuombea, hahaha. Hiyo muiweke kwenye /karibu.

DadaWaNansio

Mimi naomba niulize kitu kinachonisumbua. Nauza vitenge, tunajibu mimi na mdogo wangu wa miaka 19. Mteja akianza na shikamoo, mdogo wangu anajibu marahaba. Juzi kumbe aliyeandika ni mwalimu wake mstaafu! Namba ya biashara ina umri gani?

MapokeziMiaka

Hilo tumebishana nalo sana. Sisi tuliamua namba isiwe na umri. Akija na shikamoo, tunajibu "Marahaba, karibu sana", kwa sababu kuiacha salamu ikining'inia ni kosa kubwa zaidi. Ila sisi hatuanzi na shikamoo, tunaanza na "Habari, karibu". Kuna mzee mmoja wa Magu alikuwa anaanza na mwangaluka, naye tulimjibu kwa Kisukuma alichokileta, kisha tukaendelea kwa Kiswahili. Nikiri kwamba wapo waliochukia marahaba yetu. Sijapata dawa yake.

PwaniMpakaZiwani

Mimi ningeacha marahaba kabisa. Andika "Asante kwa salamu, karibu."

DadaWaNansio

Hiyo mama yangu angefunga safari kuja kukuchapa.

Otieno_wa_Kirumba

Afadhali nyie wa salamu. Mimi ni Mkenya wa Kisumu, nakaa Mwanza. Kaka zangu walikuja, wakaandika kwa Kiingereza kwenye kampuni moja ya boti (siyo ya Nyota, nadhani). Wakapewa kiingilio cha hifadhi cha wageni wa kutoka nje kabisa! Sisi ni Afrika Mashariki, tuna kiwango chetu. Nilipoandika kwa Kiswahili kwa namba ileile nikapewa kiwango sahihi. Yaani lugha imegeuka pasipoti!

NyotaYaIgogo

Ni yetu. Na aliyejibu ni dubu! Yule yule!

MapokeziMiaka

Hilo ni kubwa kuliko "nani kakuahidi", samahani dada. Jibu lenu la Kiingereza limeandikwa kwa kudhani anayeandika Kiingereza ni mzungu. Lugha ikuongoze namna ya kusema, isikuongoze bei. Kabla ya kutaja kiingilio, lugha zote mbili ziulize swali moja: mko wangapi, na ni raia wa wapi? Bei ziandikwe mahali pamoja tu, kwenye karatasi ya mapokezi au katalogi, na majibu yote mawili yachote humo. Kiingilio cha hifadhi kikibadilika, mtu hurekebisha jibu la Kiswahili, la Kiingereza linabaki la mwaka jana.

Na usilitoe la Kiingereza neno kwa neno kutoka la Kiswahili. Mkae wawili, mwandike yale yale manne: salamu, mnatoa nini, tunahitaji kujua nini, tutajibu lini. Kila lugha iyaseme kwa adabu yake. Kiswahili "lipa kwanza" ni amri ya mgambo, "tunaomba malipo ya awali ili tukushikilie nafasi" ni biashara.

FundiSimuMakoroboi

Ongezeni na saa. Mtu kaandikiwa kwa Kiingereza boti inaondoka 2, dada wa mapokezi akimaanisha saa mbili asubuhi. Mgeni kaja mchana na kofia yake, boti imesharudi. Kwenye Kiingereza andikeni 8:00 a.m., na kwenye Kiswahili mtaje asubuhi.

NyotaYaIgogo

Haya yote mazuri na nayaandika. Lakini jamani, mama kasema SAMAHANI MWANANGU. Mtu kakuita mwanangu, unamjibu "Nani kakuahidi?" Mimi nimempigia asubuhi kwa simu yangu, nikamwambia watoto 6 wanalipa nusu, bosi kathibitisha. Kasema atafikiri. Atafikiri!

Zamu_ya_Usiku_Oye

Nitetee kidogo wa usiku, simjui. Mchana mko watatu, usiku yuko peke yake, anapokea funguo, anafungua geti, anajibu jumbe za lugha mbili. Mkishaweka lebo, mwekeni na mtu wa pili.

KokotoLaBugando

Simjui, anasema. Jina lako tu linakusaliti mkuu.

Zamu_ya_Usiku_Oye

Mimi nafanya kazi kwenye dagaa. Na nyie mnaonunua dagaa Mwaloni kwa simu mna matatizo zaidi! Unamwandikia mtu "zimeanikwa juu ya chanja, hazina mchanga", anajibu "ok". Ok ya kununua au ya kusikia? Gunia linakaa siku nzima.

Otieno_wa_Kirumba

Nyie wa dagaa msiongee, mwezi uliopita niliuziwa gunia, nusu yake mchanga. Na nilitumiwa picha ya chanja!

DadaWaNansio

Picha hiyo hiyo nilitumiwa mimi. Chanja chenye kamba ya bluu?

Otieno_wa_Kirumba

Kamba ya bluu na ndoo nyeupe pembeni! Tuma namba aliyokuandikia tulinganishe.